Metadata ya video ya huduma ya kwanza: mfano wa mtoto aliyeungua kwa chai

Sharika nyingi sasa zina kadi ya kumbukumbu au simu yenye video za mafunzo ya huduma ya kwanza. Video hizo zilirekodiwa katika semina, muuguzi au tabibu akionyesha hatua kwa vitendo, kisha zikagawiwa kwa wapishi, walimu wa watoto na wazee wa mitaa. Katika makala haya hatutaeleza namna ya kurekodi. Tutaeleza maandishi mafupi yanayoambatana na video, ambayo wataalamu wa maktaba na kompyuta huyaita metadata, yaani maelezo yanayosema kitu hiki ni nini, kinamhusu nani, kilitengenezwa lini na kina mipaka gani.

Tulianza kulifikiria jambo hili baada ya tukio moja lililotuhuzunisha. Wakati wa semina ya siku tatu, mtoto wa miaka miwili alivuta kitambaa cha meza na birika la chai likammwagikia mkononi. Mpishi mmoja alikuwa na kadi ya video kwenye simu yake, akakumbuka kwamba mojawapo ilihusu kuungua. Alipofungua orodha alikuta majina kama haya:

```
VID-20230614-WA0007.mp4
VID-20230614-WA0008.mp4
huduma ya kwanza 3.mp4
huduma ya kwanza 3 (mpya).mp4
```

Alifungua ya kwanza, ikawa ya kutokwa na damu puani. Ya pili ilikuwa ya mfupa uliovunjika. Alipofikia ya tatu, jirani mwenye nia njema alikuwa ameshampaka mtoto dawa ya meno. Tulipozungumza naye baadaye alisema, “Ndugu mratibu, mimi niliona namba tu. Ningejuaje ya kuungua ni ipi?” Hatukuwa na jibu. Video sahihi ilikuwemo katika kadi ile, tena ilikuwa nzuri, ila sisi tulioigawa hatukuipa jina. Mtoto alipelekwa kituo cha afya na akapona, lakini wauguzi walilazimika kwanza kuiosha ile dawa ya meno kwenye ngozi iliyobabuka, naye akaumia mara ya pili.

Tangu hapo hatugawi video yoyote ya huduma ya kwanza isiyo na maelezo yenye mambo matatu makubwa: dharura yenyewe kwa jina lake, hatua kwa mpangilio wake, na maelekezo ya lini na wapi mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu. Tutayaeleza moja baada ya jingine kwa kutumia mfano uleule wa mtoto na chai.

Kwanza: taja dharura kama anavyoitaja anayeipata

Kichwa kama “Huduma ya kwanza, somo la tatu” kinamsaidia mwalimu aliyepanga masomo. Hakimsaidii mama mwenye mtoto anayelia. Kichwa “Majeraha ya moto” ni afadhali, lakini hayo ni maneno ya hospitali. Nyumbani watu husema “mtoto kaungua na chai”, “kamwagikiwa uji”, “kababuka kwa mafuta”. Kwa hiyo kichwa chetu kinaanza na maneno hayo: “Kuungua kwa chai, uji au maji ya moto – mtoto”. Neno la dharura linatangulia, kwa sababu kioo cha simu ndogo huonyesha maneno machache ya mwanzo tu na kuyakata yanayofuata. Jina la usharika, jina la mradi na nembo ya mfadhili tunaviweka mwisho wa maelezo. Tunawaomba wafadhili wetu watuelewe katika hili: jina lenu lipo, ila halitangulii jina la dharura.

Jina la dharura lina kazi ya pili, nayo ni kuweka mpaka. Hatua za kuungua kwa chai si hatua za kila aina ya kuungua. Aliyeunguzwa na umeme haguswi kabla umeme haujazimwa, la sivyo anayemsaidia naye atapigwa. Aliyemwagikiwa kemikali ana hatua zake. Aliyekuwa ndani ya chumba chenye moto huenda amevuta moshi, na hatari kubwa ikawa kwenye mapafu kuliko kwenye ngozi. Kwa sababu hiyo, chini ya kichwa tunaandika mstari mmoja: “Haihusu umeme, kemikali wala moto wa nyumba.” Mtu mwenye dharura nyingine atajua mara moja kwamba hii siyo video yake.

Kwa maneno ya kutafutia tunaongeza yote ambayo watu hutumia: kuungua, kubabuka, kuunguzwa, chai, uji, maji ya moto, mafuta ya kupikia, mtoto. Hatuweki maneno ya kuvutia watu tu, kama vile “dawa ya kuungua” au “tiba”. Video haionyeshi dawa, na anayetafuta dawa akifika hapa atakuwa amedanganywa.

Pili: andika hatua zenyewe, pamoja na muda wake

Wengine hudhani kwamba ikiwa hatua zimo ndani ya video, hakuna haja ya kuziandika. Lakini mara nyingi video haifunguki: chaji imekwisha, kelele ni nyingi au simu ni ya mtu mwingine. Maandishi mafupi yanasomwa kwa nusu dakika, na aliye mbali anaweza kumsomea mwenzake kwa simu. Aidha, tabibu anayekagua kazi yetu anaweza kuona kosa katika maandishi bila kutazama video nzima.

Hatua za mtoto aliyemwagikiwa chai ni hizi. Mwondoe kwenye chanzo cha moto. Mvue nguo iliyolowa, pamoja na bangili au pete iliyo karibu na sehemu iliyoungua, kabla mkono haujavimba. Ila nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Papo hapo mwagilia sehemu iliyoungua maji safi yaliyopoa, ya kutiririka, kwa dakika 20. Pasipo na bomba, tumia ndoo na kopo, ukimwagia polepole bila kuacha. Wakati huohuo sehemu nyingine za mwili zifunikwe asipate baridi, kwa kuwa mtoto mdogo hupoteza joto upesi. Baada ya hapo, funika jeraha kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi au kwa nailoni safi ya kufunikia chakula, ukiitandaza juu yake bila kuizungushia mkono ukaubana. Usipasue malengelenge.

Hapa ndipo tulipogundua kosa letu kubwa. Video yetu ina urefu wa dakika 4 na sekunde 10. Katika video, muuguzi anamwagilia maji, picha inakatwa, na baada ya muda mfupi anaonekana akifunika mkono. Kwa mdomo alisema “dakika ishirini”, lakini tulipowajaribu wapishi bila sauti, walitufanyia walichokiona: maji kidogo, kisha kitambaa. Jicho lilijifunza muda mfupi mahali ambapo sikio lilipaswa kujifunza dakika 20. Kila onyesho la vitendo lina hatari hii, kwa sababu hakuna mtu atakayetazama maji yakimwagika kwa dakika 20. Dawa yake ni maelezo. Penye hatua hiyo tumeandika: “Video imefupishwa hapa. Wewe endelea dakika 20 kwa saa.” Kisha tukaongeza maneno hayohayo juu ya picha yenyewe.

Mambo ya kutofanya nayo yanaandikwa, kwa sababu ndiyo yanayofanyika kwanza. Usipake dawa ya meno, mafuta, siagi, yai, unga wala asali. Usiweke barafu, kwa kuwa nayo huidhuru ngozi ambayo tayari imeumia. Tunaandika pia jambo moja ambalo wengi hawalijui: ukichelewa, usidhani kwamba maji hayana faida tena. Kupoza kwa maji bado kunasaidia hata ndani ya saa 3 tangu kuungua. Mama anayefika nyumbani na kukuta mtoto aliungua saa moja iliyopita aanze na maji, kisha aondoke.

Tatu: maelekezo ya kwenda kwa mtaalamu yawe na lini, wapi na wakati huohuo nini

Karibu kila video ya huduma ya kwanza humalizika kwa maneno “muone daktari”. Tumeyaandika hata sisi. Udhaifu wake ni kwamba maneno hayo yanatoshea kila ugonjwa na hivyo hayamwambii mtu afanye nini. Aliyeungua kidole kwa tone la chai atayapuuza, na aliyeungua kifua kizima naye atayapuuza vilevile, kwa kuwa yameandikwa sawasawa.

Maelekezo yenye kufaa yanataja dalili. Katika mfano wetu tumeandika kwamba mtoto apelekwe kituo cha afya ikiwa ana umri chini ya miaka 5. Ikiwa eneo lililoungua linazidi kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole. Ikiwa ni usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye maungio. Au ikiwa ngozi imekuwa nyeupe, nyeusi au haina maumivu. Hili la mwisho tumelipigia mstari. Watu wengi hufurahi mtoto anaposema haumwi, kumbe kutoumwa kunaweza kuwa dalili kwamba moto umeingia ndani hadi kuua mishipa ya fahamu.

Maelekezo hayo pia yanasema nini kifanyike wakati huohuo. Mtu akisoma “nenda hospitali haraka” anaweza kumbeba mtoto na kukimbia bila kummwagia maji, na mahali ambapo gari linachukua saa nzima, hasara ni kubwa. Sisi tumeandika: “Mmoja amwagilie maji, mwingine atafute usafiri.” Kisha tumeweka ubaguzi mmoja: mtoto aliyepoteza fahamu au anayepumua kwa shida hasubiri dakika 20 ziishe, safari inaanza mara moja.

Kuhusu namba ya simu tunatoa tahadhari. Video nyingi zinazozunguka zimetoka nje, nazo hutaja 911, namba ya Marekani, au 999, ambayo ni ya Uingereza na hutumika pia Kenya. Namba isiyo ya mahali pako ni mbaya kuliko kutokuwa na namba, maana inakula dakika za mwanzo. Kila usharika ujaze namba ya zahanati au kituo chake na ya mwenye gari wa karibu, pamoja na tarehe ya kuijaribu. Namba iliyojaribiwa miaka mitatu iliyopita ijaribiwe tena.

Mahali pa maelekezo haya nako kuna maana. Tulizoea kuyaweka mwisho. Sasa tunayaweka mara tu baada ya kichwa, kabla ya hatua, kwa sababu mtu mwenye hofu husoma mwanzo tu. Yakiwa mwisho, hasa anayeyahitaji zaidi ndiye asiyeyafikia.

Tarehe, mkaguzi na neno “igizo”

Yapo mambo madogo matatu ambayo tuliyaona kuwa ya ofisini, lakini yametusaidia sana.

La kwanza ni tarehe. Maarifa ya huduma ya kwanza hubadilika. Mafundisho ya miaka ya nyuma mara nyingi yalitaja dakika 10 za maji. Miongozo ya Baraza la Ufufuaji la Ulaya ya mwaka 2021 inataja dakika 20. Katika kadi zetu tulikuwa na video mbili, moja ikisema 10 na nyingine 20, na hakuna iliyokuwa na tarehe. Mzee mmoja wa mtaa alituuliza aifuate ipi. Maelezo yenye mwaka wa kurekodiwa, mwaka wa kukaguliwa na mwaka wa kukaguliwa tena yangemjibu bila sisi kuwepo.

La pili ni mkaguzi. Tunaandika cheo cha mtaalamu aliyetazama video na maelezo yake, si cha aliyeshika kamera. Mkaguzi anasoma maelezo huku akitazama video, ili vitu viwili visipingane. Akikuta maandishi yanasema “kitambaa safi” na picha inaonyesha pamba, anarudisha kazi, kwani pamba hunata kwenye jeraha.

La tatu ni neno “igizo”. Mtoto aliyeonekana katika video yetu hakuungua. Alipakwa rangi nyekundu, na wazazi wake walitoa idhini. Hatukuandika hivyo, na baada ya miezi kadhaa video ilirudi kwetu kutoka mbali ikiwa imeongezewa ujumbe wa kumchangia mtoto huyo matibabu. Tangu hapo mstari “Hili ni igizo, hakuna aliyeumia” unaonekana katika maelezo na juu ya picha, na jina la mtoto haliandikwi popote.

Maelezo yaliyokamilika

Baada ya masahihisho hayo, maelezo ya video yetu sasa yanasomeka hivi:

KICHWA: Kuungua kwa chai, uji au maji ya moto – mtoto – huduma ya kwanza.

MIPAKA: Haihusu umeme, kemikali wala moto wa nyumba.

KITUO CHA AFYA: Mpeleke ikiwa ana chini ya miaka 5, jeraha linazidi kiganja chake, ni usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye maungio, ngozi ni nyeupe, nyeusi au haina maumivu. Mmoja amwagilie maji, mwingine atafute usafiri. Akipoteza fahamu au akipumua kwa shida, ondokeni mara moja. Simu ya kituo: ____ Gari: ____ Zimejaribiwa tarehe: ____

HATUA: 0:20 mwondoe kwenye moto. 0:45 vua nguo iliyolowa na bangili, iliyogandamana iache. 1:15 maji yaliyopoa ya kutiririka (video imefupishwa, wewe dakika 20), mwili mwingine ufunikwe. 2:50 funika kwa kitambaa safi. 3:30 safari ya kituo cha afya.

USIFANYE: dawa ya meno, mafuta, siagi, yai, unga, asali, barafu, usipasue malengelenge.

AINA: Igizo, hakuna aliyeumia. Video haichukui nafasi ya mafunzo wala ya matibabu.

KUMBUKUMBU: Lugha Kiswahili, urefu 4:10, mwaka wa kurekodiwa, mwaka wa kukaguliwa na cheo cha mkaguzi, mwaka wa kukaguliwa tena, mwenye haki, mfadhili.

Maelezo haya yakaishi wapi

Kompyuta inaweza kuhifadhi maelezo ndani ya faili lenyewe, na mwanzoni tulifanya hivyo tu. Tulikosea. Video ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa upya, jina lake hubadilishwa kuwa tarehe na namba kama tulivyoona pale juu, na yaliyoandikwa ndani hupotea. Ikitumwa kama hati, jina na yaliyomo hubaki, lakini hatuwezi kumlazimisha kila mtu atume hivyo.

Kwa hiyo tunaweka maelezo mahali pane. Jina la faili linabeba dharura na mwaka:

```
KUUNGUA-chai-maji-moto_MTOTO_2025.mp4
```

Sekunde 8 za kwanza za video zinaonyesha kichwa, mstari wa kituo cha afya na neno igizo, kwa sababu kilicho ndani ya picha hakiwezi kutenganishwa nayo hata video ikitumwa mara mia. Maelezo kamili yako katika ujumbe wa maandishi unaotumwa pamoja na video. Nakala ya nne imechapwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani jikoni, ambako hakuhitajiwi chaji wala mtandao.

Kujua kama maelezo yanatosha ni rahisi. Mpe simu mtu ambaye hakuwepo kwenye semina, mwambie “mtoto kamwagikiwa uji kifuani”, kisha utazame saa. Aipate video ndani ya nusu dakika. Halafu, kabla hajaifungua, mwulize maswali mawili: maji dakika ngapi, na je, mtoto huyu aende kituo cha afya? Akishindwa kujibu kutokana na maandishi peke yake, kosa liko katika maandishi. Tulipofanya jaribio hilo na mpishi yuleyule wa semina, aliipata video, akasema dakika 20, kisha akatuuliza kwa nini karatasi ya ukutani imebandikwa juu sana asikoweza kuisoma. Tumeishusha.

Kamati za sharika zilizo na kadi za zamani zinaombwa kuanza na video tatu ambazo dharura zake hutokea mara nyingi katika eneo lao, kuandika maelezo kwa mpangilio huu, na kuyapeleka kwa tabibu wa zahanati ya karibu ayakague kabla ya kugawa. Video ambayo hakuna anayejua ilirekodiwa lini wala nani aliikagua, iondolewe kwenye kadi.